Jaribio halikufika tulipoahidi: namna ya kumwambia mteja na cha kumpelekea mezani

Hapa Lubumbashi nafunga mitambo ya sola kwenye maduka, mashine za kusaga na viwanda vya mikate. Kazi yenyewe nimeizoea. Kilichonichukua miaka kujifunza ni ile siku ya kurudi kwa mteja kumwambia kwamba kitu tulichomfungia kwa majaribio hakikuleta tulichomwahidi. Nitaeleza hatua ninazofuata kwa kutumia kazi moja ambayo hesabu zake bado ziko kwenye daftari langu.

Mteja ni mama mwenye viwanda vinne vya mikate. Tulikubaliana kujaribu kimoja, kile cha Katuba, kwa siku 60. Tulifunga paneli za kilowati 10, inverta inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumiwa na mashine na kuweka kumbukumbu zake, na betri inayotoa kilowati-saa 8 kabla ya kujizima. Kabla ya hapo jenereta yake ilikuwa inakula wastani wa lita 30 za mazuti kwa siku. Sisi tukaahidi lita 15. Siku 60 zilipoisha wastani ulikuwa lita 23. Kazi ikienda vizuri, angefunga na vile vitatu vilivyobaki.

Kwa hiyo mkononi nilikuwa na lita 7 zilizookolewa badala ya 15, na mteja anayesubiri simu.

Hatua ya kwanza: pima visingizio vyako kabla hajavipima yeye

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanairuka. Matokeo yakiwa mabaya, akili inakimbilia sababu ya kwanza inayosikika vizuri. Sisi tulikuwa nazo mbili tayari. Ya kwanza ni mvua: jaribio liliangukia Novemba na Desemba, na kila mtu hapa anajua mawingu ya miezi hiyo. Ya pili ni shirika la umeme: labda umeme ulikatika zaidi kuliko kawaida, jenereta ikafanya kazi zaidi.

Zamani, kwa mteja mwingine, niliwahi kusema "ni mvua, Papa, ngoja kiangazi" na nikaaminiwa. Kiangazi kilifika, mazuti yakabaki palepale. Sikupata nafasi ya kusema sababu ya pili.

Safari hii tukakaa chini na fundi wangu. Kwa upande wa umeme ilikuwa rahisi: jenereta ina saa inayohesabu muda iliowaka, na msimamizi wa Katuba anaandika kwenye daftari umeme unapokwenda na unaporudi. Kabla ya jaribio umeme ulikosekana wastani wa saa 10 kwa siku, na wakati wa jaribio ni saa 10 na nusu. Tofauti ni ndogo mno kubeba pengo la lita 8. Kisingizio cha umeme kikafa.

Kwa upande wa mvua tukafungua kumbukumbu za inverta. Kama mvua ndiyo ingekuwa tatizo, tungeona betri inashindwa kujaa. Tulichoona ni kinyume: siku nyingi betri ilikuwa imejaa kabla ya saa sita mchana. Kuanzia hapo paneli zilikuwa zinatoa kile tu ambacho kiwanda kinatumia, na jua lililobaki halikuwa na mahali pa kwenda. Mtambo unaokosa jua haujazi betri mapema hivyo. Basi jua lilitosha, ila hapakuwa na pa kuliweka.

Ukishafika hapo, swali linabadilika: kwa nini hatukujua hilo mwanzoni? Jibu lilikuwa kwenye karatasi yetu wenyewe. Tulipokwenda kupima mzigo wa kiwanda, tulipima kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa sababu ndio muda tuliokuwa huru. Lakini mkate wa Katuba unakandwa usiku. Mashine za kukanda, feni ya tanuri na taa za ndani zinaanza kati ya saa nne na saa tano usiku, na mikate inatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili mama wauzaji waichukue. Katika zile lita 30, mchana ulikuwa unakula lita 6 tu. Zile 24 zote ni za usiku. Sola yetu ilipunguza karibu 5 za mchana na 2 tu za usiku.

Kwa nini 2 tu, wakati kilowati-saa 8 za betri zingeweza kuokoa kama lita 3? Kumbukumbu za inverta zikatujibu na hilo. Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, friza mbili, taa za dukani na pampu ya maji zilikuwa zinanyonya karibu nusu ya betri. Mkandaji alipowasha mashine, alikuta betri imebaki nusu.

Friza ya pili ilinunuliwa na mteja katika wiki ya tatu ya jaribio, bila kutuambia. Nitarudi kwa friza hiyo, maana ni mtego.

Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kumwonyesha mteja karatasi au skrini inayothibitisha sababu, usiitamke. Sema "hilo bado hatujalipima" na uendelee.

Hatua ya pili: jua ni nini kilichoshindwa

Jaribio linaweza kuanguka kwa namna tatu, na kila moja ina mazungumzo yake. Kwanza, kifaa chenyewe hakifanyi kazi: paneli mbovu, inverta inayozimika. Pili, kifaa kinafanya kazi lakini kipimo ni kibovu, kiasi kwamba hujui kama kimesaidia au la. Tatu, kifaa kiko sawa na kipimo kiko sawa, ila ahadi ilikuwa kubwa kuliko mtambo.

Yetu ilikuwa ya tatu. Ni muhimu kulijua hilo kabla ya kuingia ofisini kwa mteja, kwa sababu ukienda na maneno ya namna ya kwanza ("mafundi watarekebisha") kwenye tatizo la namna ya tatu, utarekebisha kitu kizima kwa miezi na mazuti hayatashuka.

Namna ya pili ndiyo mbaya kuliko zote, na tuliiponea chupuchupu. Zile lita 30 za mwanzo zilitoka kwenye daftari la ununuzi. Daftari la ununuzi linasema bido ngapi zililipiwa. Haliambii ngapi ziliingia kwenye tangi. Bahati nzuri, wiki mbili kabla ya kufunga paneli fundi wangu alikuwa ameanza kupima tangi kwa kijiti kila asubuhi, na kijiti kilikubaliana na daftari. Kama visingekubaliana, ningelazimika kumwambia mteja kwamba sijui kama tumemwokolea lita 7 au lita 2, na neno hilo ni zito kuliko "tumeshindwa".

Hatua ya tatu: simu au ujumbe mfupi, nambari ikiwa ndani

Watu wengi wanatuma ujumbe wa "Mama, tunaomba kukuona kuhusu jaribio" halafu wanamwacha mtu siku mbili na wasiwasi. Wengine wanamwaga kila kitu kwa maandishi saa tano usiku. Mimi natuma nambari, nasema kwamba haikufika, nataja saa nitakayokuja. Hivi ndivyo nilivyoandika, kwa Kiswahili chetu cha hapa:

"Jambo Mama. Tulimaliza hesabu ya siku 60 za Katuba. Tuliahidi mazuti itashuka mpaka lita 15 kwa siku. Imeshuka mpaka 23 tu. Haikufika. Tumeona kosa iko wapi, na sehemu kubwa ni yetu. Kesho saa nane mchana nitakuya na karatasi na njia tatu za kuchagua. Mashini iko muzima, musizime kitu."

Ile sentensi ya mwisho usiidharau. Mteja akisikia "haikufika", msimamizi wake anaweza kukimbia kuzima mtambo kwa hofu, na zile lita 7 nazo zikapotea.

Jambo jingine la kwetu: karatasi rasmi tunaandika kwa Kifaransa, mazungumzo tunafanya kwa Kiswahili. Kifaransa cha ofisini kina njia nyingi za kusema "tumeshindwa" bila kulisema. Ukimwambia mama "haikufika" kwa mdomo, halafu mtoto wake anayeshika hesabu akasoma kwenye karatasi kwamba matokeo yana matumaini, watauliza ni yupi kati yenu anayesema uongo. Hakikisha 23 na 15 ziko kwenye mstari wa kwanza wa karatasi kama zilivyo kwenye mdomo wako.

Hatua ya nne: mazungumzo yenyewe

Nenda mwenyewe, nenda na fundi aliyefunga, usipeleke kijana wa mauzo peke yake. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi nilianza hivi, baada ya salamu na maji ya kunywa: "Mama, tuliahidi kukutoa lita 30 kukufikisha 15. Tumekufikisha 23. Kwa pesa, tulisema utaokoa kama dola 675 kwa mwezi, umeokoa kama 315." Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kuhesabu lita kwa dola 1.5, kwa hiyo hakukuwa na ubishi wa bei.

Kisha nikanyamaza. Kunyamaza hapo ni kazi. Ulimi unawasha, unataka kuongeza "lakini".

Yeye akasema: "Kwa hiyo mulikuya kuniambia kama makuta yangu ilikufa?"

Usijibu swali kama hilo kwa maelezo ya kiufundi. Mtu anauliza kuhusu pesa, mjibu kuhusu pesa: "Hapana, Mama. Dola 315 kila mwezi zinabaki kwako. Ila si zile ulizoahidiwa, na sitaki ununue mitambo mitatu mingine kwa hesabu ya uongo." Hapo ndipo alipoivuta karatasi karibu.

Ndipo sababu ikafuata. Nilimwambia tulipima mchana wakati mkate wake unakandwa usiku, na kwamba hilo lilikuwa kosa langu, si la fundi wala la mvua. Fundi akafungua simu, akamwonyesha mchoro wa siku moja: mstari wa betri unapanda asubuhi, unafika juu saa tano na nusu, unakaa bapa mchana kutwa, unashuka jioni, unaisha muda mfupi baada ya mashine za kukanda kuwashwa. Siku moja tu. Tungeonyesha siku 60 angeona nyuzi za buibui.

Sasa friza. Friza ya pili kweli ilikuwa yake, na kweli ilikula sehemu ya betri. Ningeweza kuanza nayo na mzigo wote ukamwangukia yeye. Lakini nilikuwa nimehesabu: hata bila friza hiyo tungefika lita 22 na nusu hivi, si 15. Kitu cha nusu lita hakiwezi kubeba lawama ya lita 8. Kwa hiyo niliitaja mwishoni, kwa ukubwa wake: "Friza mpya nayo inakula kidogo jioni. Si yenyewe iliyotuangusha, lakini tukiipangia saa itatusaidia." Alicheka kidogo, akasema alikuwa anangoja tumsingizie.

Kama mteja wako amechangia sehemu kubwa kweli, mwambie, lakini kwa nambari ileile uliyotumia kwa kosa lako, na kosa lako litangulie.

Hatua ya tano: njia tatu, na moja iwe ya kuacha

Mapendekezo yasiyo na mlango wa kutokea ni mtego, na mfanyabiashara anaunusa. Mkataba wetu wa jaribio, ni aibu kusema, haukuwa na neno lolote kuhusu nini kitatokea tusipofika 15. Alikuwa ametoa dola 3,000 za mwanzo. Ilibidi tulete wenyewe kile ambacho kingepaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza.

Njia ya kwanza ilikuwa ya bure. Pampu ya maji ijaze tangi la juu mchana, wakati paneli zina ziada, na friza zifungiwe saa ya kujizima jioni baada ya kugandisha vizuri mchana. Hiyo inarudisha karibu kilowati-saa 3 kwa usiku, sawa na lita moja hivi ya mazuti. Kutoka 23 hadi 22. Siku 21 za kupima.

Njia ya pili ilikuwa betri ya ziada ya kilowati-saa 18, kwa dola 4,500. Hapa ilibidi niwe mwangalifu, maana ndipo muuzaji anapotaka kuzika kosa la kwanza kwa ahadi ya pili. Kwenye karatasi, betri hiyo ikijaa kila siku ingeokoa lita 7. Lakini haitajaa kila siku. Siku ya jua kali paneli za kilowati 10 zinaweza kutoa karibu kilowati-saa 40. Siku za mawingu ni chini ya hapo. Ukiondoa matumizi ya mchana na betri iliyopo, ziada ni kama 17 siku nzuri na 9 siku za mvua. Nikachukua wastani wa 12, ambao ni lita 5. Kwa hiyo njia ya kwanza na ya pili pamoja zinampeleka lita 17. Nikamwambia waziwazi: "Mama, 15 haipo kwa mtambo huu. Nikikuambia ipo, nakudanganya mara ya pili." Lita 5 ni dola 225 kwa mwezi, kwa hiyo betri inajilipa kwa miezi 20. Aamue mwenyewe kama miezi 20 ni mingi au michache. Mimi sijui anadaiwa nini benki.

Njia ya tatu: tunaondoa kila kitu ndani ya siku tano, tunamrudishia dola 2,600, tunabaki na 400 za nyaya na ufungaji, na tunaziba matundu ya paa kwa gharama yetu.

Akaniuliza ningekuwa yeye ningechagua ipi. Ukiulizwa, jibu. Nilisema: anza na ya bure, usitoe hata dola moja kwa siku 21, na viwanda vingine vitatu tusiviguse.

Hatua ya sita: andika mstari wa kupita na wa kuacha

Kabla sijaondoka tuliandika chini ya ukurasa, kwa kalamu, nambari za awamu ya pili. Wastani wa siku 21 ukiwa lita 22 au chini, tunazungumza kuhusu betri. Ukiwa juu ya 22 na nusu, maana yake bado hatukielewi kiwanda hiki, na njia ya tatu inaanza bila mjadala. Kati ya hapo, tunaongeza wiki moja tu. Kipimo ni kijiti kwenye tangi kila saa kumi na mbili asubuhi, msimamizi wake na fundi wangu wote wakisaini, na saa za kukatika kwa umeme zikiandikwa pembeni. Zikizidi 12 kwa siku, siku hiyo haihesabiwi.

Andika pia nani hatagusa nini. Tuliweka kwamba kifaa chochote kipya kinachotumia umeme kinatajwa siku kinapoingia. Mama hakuliandika hilo kwa kununa; ni yeye aliyelipendekeza.

Jioni ileile nilimtumia picha ya ukurasa huo. Usingoje kesho, kwa sababu kesho kila mmoja anakumbuka mkutano tofauti.

Yaliyofuata

Siku ya nne msimamizi alinipigia: friza zilizokuwa zinazimika saa kumi na mbili jioni zilikuwa zinayeyusha barafu ifikapo alfajiri. Tukasogeza zizimike saa moja na nusu usiku na ziwake tena muda mfupi saa nane usiku. Nilimwandikia mteja siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Siku 21 zilipoisha kijiti kilisema lita 21.8.

Aliagiza betri, lakini ya kilowati-saa 12 badala ya 18. Sababu yake ilikuwa kwamba siku za mvua ile kubwa isingejaa, na hiyo 12 aliitoa kwenye karatasi yangu. Ninapoandika, iko foleni mpakani Kasumbalesa. Ukutani pale Katuba, juu ya tangi la mazuti, ameandika kwa chaki matarajio mapya: 18.